Muhtasari wa simu ya ajira: penye mtego ni mshahara

"Nipo Mbeya. Meneja wa kiwanda cha chai Mufindi kanipigia kunipa kazi ya karani wa mizani. Nimerekodi, dakika 11. Niifupisheje: mshahara, kuanza, majukumu na masharti?"

Ndugu yangu, sikiliza mara moja bila kuandika. Mara ya pili nakili maneno yake yenyewe, na dakika aliyoyasema.

Akisema "laki nne", usiandike "nitapokea laki nne". Kama ni kabla ya makato, NSSF ya asilimia 10 inaondoa 40,000. Katika 360,000 inayobaki, kinachozidi 270,000 hukatwa kodi asilimia 8, yaani 7,200. Mkononi unabaki na 352,800. Kama hakufafanua, andika "hakusema", usimjazie.

"Tarehe moja mwezi ujao" igeuze iwe tarehe kamili, ukihesabu kutoka siku ya simu. Majukumu huwa mepesi, yaorodheshe tu. Masharti ndiyo hujificha kwenye "kama" na "tukiridhika". Mimi niliwahi kuandika "nyumba ipo", kumbe bosi alisema "nyumba ipo ikipatikana". Nikapanga chumba Mafinga miezi sita!

Kisha mtumie meseji: "Nimeelewa hivi, nirekebishe nilipokosea," ukiuliza kila penye "hakusema". Rekodi yenyewe usiisambaze. Usiache kazi uliyonayo kabla ya kupata maandishi. Sheria ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi. Akikwepa, muone afisa kazi kabla hujasaini chochote.