Mgeni anayejifunza Kiswahili mtandaoni: somo la kwanza na bei yake

"Niko Shela, Lamu. Kiswahili ni lugha ya mama, na nimejisajili Preply, tovuti ya kufundishia lugha. Wanafunzi wa nje wanachukua somo la majaribio kisha hawarudi. Nianze na nini, na nitoze kiasi gani?"

Dadangu, itazame kwanza saa ile ya kwanza. Walimu wengi huifungua kwa maamkizi, wakafuatisha rangi, matunda na hesabu. Mwanafunzi anatoka na maneno 30 asiyoweza kuyaunga, na maneno hayo angeyapata bure kwenye simu yake. Kinachomrudisha ni kutoka na sentensi alizozitunga mwenyewe.

Chukua vitenzi 4 tu: pika, soma, lala, cheza. Weka viambishi 6 vya nafsi (ni, u, a, tu, m, wa) na nyakati 3 (na, li, ta). Hapo ana sentensi 72 mkononi. Maamkizi yachukue dakika 5, jedwali la viambishi hivyo dakika 10, na zinazobaki azungumze yeye. Wewe taja nafsi na wakati kwa lugha anayoijua, yeye ajibu: tutalala, alipika, mnasoma. Akishasema tano mfululizo bila kutazama jedwali, badilisha kitenzi.

Usiingize kula, kunywa wala kuja siku hiyo, ijapokuwa ndivyo vinavyokuja mdomoni upesi. Vina silabi moja kwenye mzizi, kwa hiyo hubeba ku: anakula, si anala. Mwanafunzi akikutana navyo mapema ataanza kusema anakupika, na kuifuta hiyo ku baadaye ni kazi ya wiki nzima.

Kosa jingine utalisikia mapema: "mimi pika", "yeye soma". Katika lugha kama Kiingereza neno la nafsi husimama peke yake, basi akishalipata "mimi" anadhani kazi imekwisha. Mimi, wewe na yeye viweke kando masomo 2 ya mwanzo. Akilazimika kusema ninapika bila mimi, kiambishi kinakaa.

Ngeli zisubiri. Anza na M-WA, ambayo a na wa zake ameshazizoea, kisha KI-VI, kwa sababu sauti yenyewe inamwongoza: kiti kikubwa kimevunjika, viti vikubwa vimevunjika. Ukimpa jedwali la ngeli zote kwa mpigo, atakushukuru kwa adabu na hutamwona tena.

Kuhusu lahaja: andika kwa Kiswahili sanifu, maana kamusi na vitabu atakavyonunua ni vya sanifu. Ukimwambia "ndoo hapa", naye akafungua kamusi akakuta chombo cha kutekea maji, atadhani amekosea yeye. Lakini anayejiandaa kuja Lamu mfundishe Kiamu waziwazi, kama somo lake maalumu: ndoo kwa njoo, ndia kwa njia, mato kwa macho. Hilo litaje kwenye wasifu wako. "Mwalimu mzoefu wa Kiswahili" wameandika wengi. "Ninawaandaa wanaokuja kuishi Lamu" humfikia mtu anayekutafuta hasa. Na wageni wanaokaa Shela wiki mbili tatu, ukiwaanza ana kwa ana, wanaweza kuendelea nawe kwa Google Meet wakirudi kwao, bila kamisheni. Wale uliowapata Preply usiwahamishe nje. Masharti yanakataza na akaunti inaweza kufungwa.

Sasa bei. Preply somo la majaribio halikulipi kitu. Baada ya hapo kamisheni huanza asilimia 33, ikashuka hadi 18 kadiri saa zako za kufundisha zinavyoongezeka. Ukitoza dola 10, mkononi zinabaki 6.70. Somo ni dakika 50. Ukiandaa kwa nusu saa, umefanya kazi dakika 80, yaani kama dola 5 kwa saa. Ukitoza dola 4 ili uwavute, unapata dola 2 kwa saa, na bando hujalitoa. Mimi ningeanza dola 10 na kupunguza maandalizi badala ya bei: hifadhi slaidi za kila somo, mwanafunzi anayefuata akuchukulie dakika 10 tu za kuandaa. Saa moja ya kazi hapo inakupa 6.70 nzima.

Mwisho, miadi. Mwanafunzi wa Berlin anayesoma saa 19:00 kwake, majira ya baridi ya kwao, kwako ni saa tatu usiku. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba ni saa mbili usiku, kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Usimwandikie "saa moja jioni" hata akiwa ameshajifunza saa za Kiswahili. Anaweza kukusubiri saa 13:00. Andika "19:00 Berlin", na wiki ya mabadiliko mkumbushe siku moja kabla.