Kinu kipya: pesa yako ao pesa ya wengine?

Niko na kinu cha mahindi hapa Katuba. Kila mwezi nabaki na dola 250. Kinu kikubwa ni dola 3,000. Ningoje mwaka mmoja, ao nikope?

Mama, katika hizo 250, chakula cha nyumbani kimo? Ikiwa unachukua 100 za nyumba, kinachobaki ni 150, na safari yako ni miezi 20. Andika 20 katika mpango wako wa biashara, maana watu wengi wanasahau kujilipa, halafu mwezi wa nne wanakula mtaji.

Sasa mkopo. Tuseme riba ni 3% kwa mwezi, inayohesabiwa juu ya deni lote la mwanzo, kwa miezi 12. Utalipa 250 za deni na 90 za riba: dola 340 kila mwezi, jumla 4,080. Wewe una 150. Kinu kipya kinapaswa kuleta 190 za ziada, tena tangu mwezi wa kwanza.

Ikiwa kila ndoo inakuachia nusu dola baada ya umeme na kijana wa kazi, hiyo ni ndoo 380 zaidi kwa mwezi, karibu 15 kwa siku ya kazi. Je, watu 15, kila mmoja na ndoo yake, wanaondoka kwako kila siku kwa sababu foleni ni ndefu? Wahesabu wiki mbili, daftari mkononi. Kama hawafiki 15, kinu kikubwa kitasaga mahindi yaleyale ya leo, na deni litakuwa juu yako. Hesabu pia siku ambazo SNEL inakata umeme: ndoo hazisagwi, lakini tarehe ya kulipa haisogei.

Wakifika 15 na zaidi, mimi ningekopa.

Mjomba anatoa dola 2,000, hatujaandika kitu. Katika mpango niziite mtaji wangu?

Hapana. Muulize kabla: anakopesha, anaingia na hisa, ao anakupa? Akikopesha, weka tarehe za kumrudishia katika hesabu ya kila mwezi. Akiingia na hisa, andikeni faida itagawanywa vipi na nani anaamua kuuza mashini. Wekeni sahihi wote wawili, mbele ya shahidi wa ukoo. Na kama mshahara wa bwana yako ndio unalipa nyumba ya kinu, uandike pia, kwa kiasi chake. Bila hivyo faida inaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Nikiandika hatari, mwenye pesa hatakimbia?

Anayejua kazi atazitafuta mwenyewe, na akizikosa ataanza kushuku hesabu zako zote. Andika hivi: «Nimechagua mkopo kwa sababu wateja 18 kwa siku wanaondoka. Ndoo za ziada zikishuka chini ya 15 kwa siku, nitakosa pesa ya kulipa. Nimeweka kando dola 680, malipo ya miezi miwili.» Bila akiba hiyo, usiiandike. Anza kwa kuiweka.