Asidi ya Jumamosi haifiki Jumatatu

"Jumamosi tulikimbia kilomita 18, karibu nusu ya njia ikiwa mteremko. Nilipomaliza niliingia garini moja kwa moja, sikutembea taratibu kupoza mwili. Leo Jumatatu nashuka ngazi kinyumenyume. Kocha anasema asidi imeganda mapajani kwa sababu sikupoza mwili. Nifanye nini itoke?"

Hakuna cha kutoa. Hicho kocha wako anachokiita asidi kiliondoka Jumamosi hiyohiyo, ukiwa bado umekaa garini.

Natibu misuli ya wakimbiaji, na maneno haya ya "asidi imeganda" nayasikia karibu kila wiki. Asidi haigandi kwenye misuli. Misuli ikifanya kazi kwa nguvu huvunja sukari haraka na kuzalisha laktati, na wakati huohuo chembe za haidrojeni huongezeka. Hizo chembe ndizo zinazoongeza asidi ndani ya misuli kwa muda mfupi. Laktati yenyewe si uchafu wa kufagiwa, ni kuni. Moyo huichoma, na nyuzi za misuli zinazofanya kazi ya taratibu huichoma pia. Sehemu nyingine hupelekwa kwenye ini, ikageuzwa kuwa sukari na kurudishwa kwenye damu. Safari hiyo ya kutoka kwenye misuli hadi ini na kurudi, wanasayansi Carl na Gerty Cori waliieleza tangu mwaka 1929.

Niliwahi kumpima kijana mmoja laktati mara baada ya kukimbia mita 400 kwa nguvu zake zote. Nilimchoma kidole, nikachukua tone la damu na kuliweka kwenye kipimo. Dakika moja baada ya kumaliza alikuwa na miliimoli 11 kwa lita. Dakika ya tano zikafika 14, ingawa alikuwa amelala chali pembeni ya uwanja bila kusogea, kwa sababu laktati ilikuwa bado inatoka kwenye misuli kuingia kwenye damu. Sikumruhusu atembee wala ajinyooshe. Baada ya saa moja na robo alikuwa chini ya 2, karibu sawa na mtu aliyepumzika. Hakupoza mwili hata hatua moja, na laktati ikaondoka. Kama angekimbia polepole ingeshuka mapema zaidi, hilo ni kweli na limepimwa mara nyingi. Lakini kushuka mapema kwa dakika 20 au 30 hakugusi chochote utakachokihisi siku mbili baadaye. Tena kipimo kile kinasoma damu ya kidoleni, hakisomi paja.

Sasa tuje kwenye mteremko, maana ndiko yaliko maumivu yako. Mwaka 1983 watafiti waliwakimbiza watu kwenye tambarare, kisha kwenye mteremko. Kwenye tambarare laktati ilipanda, na siku zilizofuata misuli haikuuma. Kwenye mteremko laktati haikupanda, na misuli ikauma vibaya. Kama laktati ndiyo ingekuwa chanzo, matokeo yangekuwa kinyume chake. Utafiti huo una zaidi ya miaka 40, na bado kuna watu wanauza dawa za "kusafisha asidi ya misuli". Hao wanauza tiba ya ugonjwa usiokuwepo.

Ukishuka mteremko, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki. Kila mguu unapotua, goti hukunjika kidogo na misuli ile hurefuka huku imekaza kukuzuia usianguke. Kurefuka huku imekaza ndiko kunakochana vipande vidogo sana ndani ya nyuzi. Saa chache baadaye mwili hutuma chembe za kinga na majimaji kwenda kukarabati, sehemu ile huvimba kidogo, na mishipa ya fahamu huwa na hisia kali. Ndiyo maana Jumamosi jioni ulikuwa sawa, Jumapili ukaanza kukakamaa, na leo ngazi zinakutesa. Maumivu ya namna hii hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua yenyewe. Ngazi za kushuka zinauma kuliko za kupanda kwa sababu ileile: unashuka kwa breki.

Je, kupoza mwili kungekuokoa? Hapana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu walitembea kinyumenyume kwenye mashine iliyoinama, kwa dakika 30, ili misuli iumie kwa makusudi. Waliopoza mwili baadaye walipata maumivu sawa na wasiopoza. Waliopasha mwili kabla ndio waliopata nafuu, nayo ndogo. Inaeleweka, kwa sababu uharibifu hutokea unaposhuka, na kutembea baadaye hakuurudishi nyuma.

Sisemi kupoza mwili ni bure. Ukikimbia kwa kasi, miguu ndiyo inayosaidia kusukuma damu kurudi moyoni, kila misuli inapokaza. Ukisimama ghafla, mishipa ya miguuni bado imepanuka na pampu hiyo imezimika, hivyo damu hubaki chini na kichwa kikakosa damu ya kutosha. Nimewaona watu wazima wenye afya wakianguka hatua tatu baada ya mstari wa kumalizia. Tembea dakika 5 hadi 10, mapigo ya moyo yatulie, ndipo ukae. Sababu hiyo inatosha. Kukimbia nusu saa nyingine eti kufukuza asidi ni kuendelea kutumia sukari iliyobaki kwenye misuli, wakati misuli inataka kuanza kuijaza upya.

Kwa leo, tembea taratibu au endesha baiskeli bila kukaza. Maumivu yatapungua kwa muda, kisha yatarudi kidogo, ni kawaida. Usijinyooshe kwa nguvu na usikimbie kwa kasi hadi uweze kushuka ngazi ukitazama mbele. Wiki mbili zijazo rudia mteremko, lakini mfupi, tuseme kilomita 2. Misuli iliyopitia mteremko mara moja mara ya pili huumia kidogo kuliko mara ya kwanza, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Hakuna dawa inayoifikia.

Linalonikera kuliko yote ni wale wanaokamua misuli kwa viwiko "ili asidi itoke". Mwaka 2010 watafiti walipima mkono uliotoka kufanyishwa kazi ngumu, na wakakuta kuusugua kulizuia damu kupita na kuchelewesha kuondoka kwa laktati, kwa sababu kila mkandamizo hubana mishipa. Kukandwa kwa upole kunaweza kukupunguzia maumivu kwa muda, sina neno nako. Kukamua kwa nguvu paja lililovimba siku ya pili ni kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Pia imani ya asidi huwafanya watu wapuuze kitu cha hatari kweli. Misuli ikiharibika kupita kiasi humwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu, na figo zinaweza kushindwa kuvichuja. Nilipokea mtu aliyefanya mazoezi ya kuchuchumaa mamia ya mara siku ya kwanza, akaambiwa anywe maji ya ndimu ili asidi iishe. Alikuja siku ya tatu, mapaja yamevimba na kuwa magumu kama ubao, hawezi kukunja goti. Nilimuuliza rangi ya mkojo, akasema kama chai ya rangi. Nilimpeleka hospitali mchana uleule, na alilazwa kwa siku kadhaa akiwekewa maji kwenye mshipa. Wewe angalia mkojo wako leo. Ukiwa wa rangi ya chai, au mapaja yakivimba na maumivu yakizidi badala ya kupungua kufikia siku ya nne, usinisubiri mimi wala kocha. Nenda hospitali, na uwaambie ulikimbia mteremko Jumamosi.