Mshahara ukigoma, omba mafunzo

"Wamesema mshahara haupandi hata kidogo. Niombe nini badala yake?"

Ndugu, anza na mafunzo. Mara nyingi fedha zake hutoka fungu tofauti na la mishahara, hivyo meneja anaweza kukubali bila kuvuruga ngazi za malipo. Taja kozi yenyewe, ada na muda: "Nitakubali kiwango hiki mkinilipia kozi ya uhasibu ndani ya miezi 6, na siku za mtihani zisikatwe kwenye likizo yangu." Wakikubali, iingie kwenye barua ya ajira kabla hujasaini, maana meneja akihama, ahadi ya mdomo huondoka naye.

Kagua pia sharti la kurudisha ada ukiacha kazi mapema. Omba deni hilo lipungue kila mwezi unaofanya kazi. Wakikataa mafunzo yenyewe, mimi ningeomba siku zaidi za likizo.