Komenti za zamani na maombi ya kazi: usiishie kwenye ukurasa wako

Swali: "Nimebadilisha posti zangu zote za zamani za Facebook, sasa zinaonekana na marafiki tu. Karibuni naanza kuomba kazi. Hiyo inatosha, au mwajiri bado anaweza kukuta kitu?"

Haitoshi, mkuu. Ile "Limit past posts" hugusa posti ulizoweka mwenyewe tu. Komenti uliyoandika kwenye posti ya mtu mwingine hufuata mpangilio wa mwenye posti. Kama yeye ameiacha wazi kwa umma, maneno yako nayo yako wazi.

Nililiona hili nilipomsaidia mdogo wangu kuomba kazi ya uhasibu. Ukurasa wake ulikuwa safi kabisa, lakini miaka ya nyuma alikuwa ameandika chini ya habari fulani kwamba viongozi wa kampuni moja ni wezi, jina lake kamili na picha vikiwa hapo. Kampuni hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akiipelekea barua.

Tulianza kwa kupakua nakala ya data zake kupitia "Download your information", muundo wa HTML. Faili la komenti tulilifungua kwenye kompyuta, tukabonyeza Ctrl+F na kutafuta neno mojamoja: matusi, majina ya waajiri wa zamani, majina ya makabila na dini. Ni haraka kuliko kushuka na ukurasa mwaka hadi mwaka, na nakala inabaki kwako kabla hujafuta chochote. Kisha tuliingia "Activity log", sehemu ya komenti, tukachuja kwa mwaka na kufuta zile tulizokwisha kuziona. Laiki nazo zimo humohumo.

Sishauri kufuta kila kitu. Maoni ya siasa yaliyosemwa kwa heshima mimi ningeyaacha. Kinachopaswa kuondoka ni matusi, kudhalilisha watu, kumsema bosi na kutoa siri za kazini.

Kwa upande wa X, laiki usihangaike nazo sana. Tangu Juni 2024 watu wengine hawaoni ulichokilaiki, isipokuwa mwenye posti husika. Nguvu peleka kwenye majibu uliyowaandikia watu.

Ukimaliza, fungua dirisha la faragha bila kuingia kwenye akaunti yoyote, utafute jina lako ndani ya alama za nukuu, pamoja na majina ya akaunti uliyowahi kutumia. Kwa mdogo wangu, Google iliendelea kuonyesha kipande cha ile komenti ingawa tulikwisha kuifuta. Tulibandika kiungo chake kwenye zana ya Google iitwayo "Refresh Outdated Content". Hiyo hufanya kazi pale tu maneno yenyewe yameshaondoka kwenye ukurasa husika, kwa hiyo usiitangulize.

Skrinshoti iliyo mikononi mwa mtu huna namna ya kuifuta. Kama unajua ipo, andaa jibu la kweli na fupi kabla ya usaili.