Nashtuka usiku niko chali, nifanyeje?

"Nina mimba ya wiki 30. Nalala ubavu lakini nikishtuka usiku nakuta niko chali. Nimemdhuru mtoto?"

Hapana dada, geuka tu ubavu uendelee kulala. Kinachohesabika zaidi ni mkao unaopatia usingizi, maana ndio unaokaa nao muda mrefu.

Kuanzia wiki ya 28 ukilala chali, uzito wa mji wa mimba unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ule unaopita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Damu inayomfikia mtoto inapungua. Wengine husikia kizunguzungu au kichefuchefu, wengine hawasikii chochote. Tafiti zimeonyesha wanaoanza usingizi chali miezi hiyo wana hatari kubwa zaidi ya mtoto kufia tumboni.

Kushoto ndiko wengi wanakosisitiza, ila kulia nako sawa, usijitese nyonga ikiuma.

Mimi nilikuwa nakunja blanketi nene, nalifunga kwa kanga, nalibana nyuma ya mgongo. Nikitaka kubingirika linanizuia. Mto mwingine katikati ya magoti.

Mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.