Matone ya juisi yanatoka na mikia: kasoro iko wapi?

*Swali: Napiga picha za tangazo la juisi ya embe. Chupa iko hewani, juisi inaruka pembeni na vipande vya embe. Natumia taa 2 za studio kwa nguvu yote, shata 1/200, lakini matone yanatoka na mikia. Nikipandisha shata hadi 1/1000, sehemu ya picha inakuwa nyeusi. Kamera yangu ndiyo mbovu?*

Kamera ni nzima, ndugu yangu. Rudisha shata kwenye 1/200 uiache hapo. Weusi unaouona ni pazia la shata: kwa kasi kubwa, flashi inawaka wakati sehemu ya sensa imeshafunikwa. Na chumba kikiwa giza, kinachoigandisha juisi si shata, ni ule muda mfupi ambao flashi inawaka.

Juisi iliyoanguka sentimita 45 inakwenda karibu mita 3 kwa sekunde. Mwako wa flashi ukidumu 1/1000 ya sekunde, na taa nyingi za studio kwa nguvu yote hazina haraka kuliko hapo, tone linakuwa limesogea milimita 3. Huo ndio mkia. Mwako wa 1/10000 unaliacha lisogee milimita 0.3 tu.

Usikimbilie kupunguza nguvu ya taa hizo. Taa nyingi za studio za zamani, ukizipunguza, mwako wake hurefuka. Flashi ndogo za kupachika juu ya kamera hufanya kinyume: hukata mwako mapema, na kwenye nguvu ya 1/16 nyingi hufika karibu na 1/10000 ya sekunde. Tafuta hizo. Mwanga utapungua mara 16, basi zisogeze kutoka mita 1 hadi sentimita 50, utapata mara 4. Pandisha ISO kutoka 100 hadi 400, mara 4 nyingine. Zikibaki dhaifu kwa f/11, weka 2 kila upande badala ya kuongeza nguvu.

Kabla ya kumwaga chochote, zima flashi upige picha moja. Ikitoka nyeusi kabisa, sawa. Ukiona chochote, kuna mwanga wa chumba unaoingia, nao utakuachia kivuli hafifu nyuma ya kila tone hata flashi ikiwa fupi kiasi gani.

Chupa usiirushe. Ishike kwa fimbo ya chuma kutokea nyuma, kamera kwenye stendi, fokasi ya mkono. Ipige picha kwanza ikiwa safi, na matone ya baridi uyatengeneze kwa gliserini na maji nusu kwa nusu, hayatelezi wala kukauka. Kisha weka chupa nyingine ya umbo lilelile, isiyo na lebo, uimwagie juisi ili ijiviringishe vizuri mwilini mwake. Juisi ya embe ichuje na uizimue kidogo, maana ikiwa nzito inaanguka kwa mabonge. Picha hizo ndizo utakazounganisha kwenye Photoshop, na fimbo uifute hapo hapo.